Dakika ishirini na Kusadikika: kuhakiki kitabu mbele ya chama cha wasomaji

Muhtasari, maudhui matatu, kisha uamuzi wa msomaji. Vyama vingi vya wasomaji hapa Nairobi hugawa uhakiki wa mdomo hivyo, na mgawanyo wenyewe hauna kasoro. Kasoro huingia nyumbani, pale mhakiki anapoandaa sehemu hizo kwa zamu ileile atakayozisema. Anaanza na muhtasari, na kwa kuwa kitabu bado ki moto kichwani, kila tukio analiona la lazima. Jumamosi ikifika anatumia dakika kumi na tano kusimulia, maudhui anayataja kama mtu anayesoma orodha ya sokoni, na uamuzi unakuwa "kwa jumla ni kitabu kizuri, nawashauri mkisome". Wenzake wanapiga makofi ya adabu. Hakuna swali.

Dawa ni kuandaa kinyumenyume: uamuzi kwanza, maudhui baadaye, muhtasari mwisho kabisa. Tuchukue kitabu kimoja tuone namna inavyokwenda. Kusadikika cha Shaaban Robert kinafaa kwa sababu ni kifupi, kinapatikana, na kina mtego unaowanasa wahakiki wengi. Kilitoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, na mwandishi wake alikuwa amefanya kazi serikalini miaka mingi akiwa karani wa forodha. Hayo mawili yanatosha kuhusu mwandishi. Wasifu wa Shaaban Robert kuanzia kuzaliwa kwake mwaka 1909 hadi kifo chake mwaka 1962 ni mada ya siku nyingine, na mhakiki anayeuingiza kwa kawaida anajaza muda.

Uamuzi unaandikwa kwa sentensi mbili kabla ya kitu kingine chochote, na sharti lake ni kwamba mtu mwenye akili timamu aweze kuupinga. "Lugha yake ni tamu" haupingiki, kwa hiyo haufai. Huu unafaa: "Kusadikika ni kitabu kinachotetea sheria, lakini kinamalizia kesi yake kwa huruma ya mfalme. Naona mwisho huo unadhoofisha hoja ya kitabu kizima." Hapo kuna jambo la kubishania. Dada wa kiti cha pili anaweza kusema kwamba mwaka 1951 mwandishi asingeweza kuandika mwisho mwingine akachapishwa. Kaka wa pembeni anaweza kusema kwamba mfalme anayeshawishiwa mahakamani amekwisha kutii sheria, hata kama hajui. Mjadala umeshaanza kabla hujasimama.

Uamuzi wa namna hiyo una gharama yake: lazima ufichue mwisho. Katika riwaya ya upelelezi hilo ni kosa, na ni haki ya mwenyekiti kukukatiza. Katika Kusadikika haliepukiki, na hata hivyo chama kilichotoa mwezi mzima wa kusoma hakidaiwi siri na wasiosoma. Liseme tu mapema, katika sentensi ya kwanza au ya pili: "Mwisho nitausema, kwa sababu uamuzi wangu unausimamia." Asiyetaka kusikia atatoka akanunue chai.

Sasa maudhui. Hapa ndipo tuliosoma fasihi kwenye shule za Kenya tunapobeba mzigo wa mtihani. Tumefundishwa kwamba maudhui ni neno moja lenye kichwa kilichopigiwa mstari: dhuluma, elimu, uongozi, nafasi ya mwanamke, ukoloni. Kwenye karatasi ya mtihani neno hilo linapata alama yake. Mbele ya watu wazima walioacha kazi zao Jumamosi halina maana, kwa sababu dhuluma iko katika vitabu elfu na hakuna anayejua hiki kimesema nini juu yake. Maudhui ya kusemwa chamani yanapaswa kuwa sentensi nzima yenye kitenzi, inayodai kitu.

Ukifungua Kusadikika kwa njia ya maneno ya mtihani utapata udhalimu, udikteta na ukandamizaji, na utasimama mbele ya watu kusema jambo moja mara tatu. Kuna njia rahisi ya kujikamata. Chukua kadi ndogo, au kata karatasi ya A4 vipande vinne, na kila mahali pa kitabu unapotaka kupatumia pape kadi yake. Nane zinatosha. Halafu andika sentensi zako tatu juu ya meza na upange kadi chini yake. Kadi moja ikitoshea chini ya sentensi mbili bila wewe kujilazimisha, sentensi hizo ni moja. Unganisha na utafute nyingine. Sentensi iliyobaki na kadi moja tu nayo ni dhaifu, ni wazo lako zaidi kuliko la kitabu. Kila moja inataka kadi mbili au tatu.

Kwa Kusadikika, zoezi hilo linaweza kutoa hivi. Sentensi ya kwanza: penye mshtaki mwenye cheo na pasipo mtetezi, kosa huwa ni lolote analolichukia mwenye cheo. Kadi zake zinatoka kwenye mashtaka yenyewe, maana Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa jambo ambalo msomaji hawezi kuliona kuwa kosa, yaani kutaka watu wapate elimu ya sheria. Sentensi ya pili: Kusadikika haiwaadhibu maadui zake, inawaadhibu waliotumwa nayo. Kadi zake ni wajumbe sita ambao nchi hiyo iliwatuma, kisha ikawafunga waliporudi. Sentensi ya tatu: Karama anashinda kwa kusimulia. Kadi zake ni namna utetezi ulivyopangwa, hadithi baada ya hadithi, na namna mfalme anavyogeuka baada ya kusikiliza.

Tazama zinavyopandana. Ya kwanza inaonyesha tatizo, ya pili inaonyesha kwamba tatizo limekuwa desturi, na ya tatu inauliza limetatuliwaje. Kutoka ya tatu hadi kwenye uamuzi ni hatua moja, kwa sababu kama Karama ameshinda kwa hadithi na huruma, sheria aliyoitetea imefanya kazi gani? Maudhui yakipangwa hivyo mhakiki hahitaji kusema "sasa naingia kwenye uamuzi wangu". Wasikilizaji wanakuwa wameshaufikia mlango.

Sentensi ya pili inastahili kukaa nayo kidogo, kwa kuwa ndiyo inayobeba jambo ambalo wengi husoma wakalipita. Kwa nini wajumbe ni sita? Nchi ya Kusadikika iko angani. Nchi iliyo ardhini ina pande nne za kupeleka mjumbe. Iliyoning'inia hewani ina sita, kwa maana juu yake kuna mbingu na chini yake kuna ardhi. Ndiyo maana wajumbe wanakwenda Mashariki, Magharibi, Kaskazini, Kusini, mbinguni na ardhini. Mwandishi amezimaliza njia zote. Hakuna upande uliobaki ambao nchi inaweza kusema haijawahi kuletewa habari kutoka huko, na kila aliyeleta habari alitiwa kifungoni. Mambo mawili ambayo msomaji aliyachukua kuwa pambo, yaani nchi kuwa angani na wajumbe kuwa sita, yanageuka kuwa hoja moja. Mhakiki akiwa na kitu kimoja cha namna hii kwa kila maudhui, kitu kinachoonekana kwa macho ndani ya kitabu, dakika zake nne zimejaa bila kutafuta maneno makubwa.

Kila maudhui yape kifungu kimoja cha kusoma kwa sauti, mistari sita, isizidi. Hapa Nairobi matoleo ya kitabu hiki yamechanganyika: mwingine analo la zamani lililonunuliwa kwa wauza vitabu vya mitumba katikati ya jiji, mwingine lililochapwa upya, mwingine ameazima la maktaba. Kurasa hazilingani. Ukisema "ukurasa wa thelathini na mbili" utapoteza dakika nzima watu wakipekua na kuulizana, na wakati huo uzi wako umekatika. Taja mahali kwa tukio: "pale mjumbe wa kwanza anaporudi", "mwanzo wa siku ya mashtaka". Kiswahili cha Shaaban Robert nacho kina maneno ambayo hayasikiki tena mitaani kwetu. Kabla ya kusoma kifungu, eleza neno moja au mawili yatakayowakwaza watu, halafu soma bila kusimama. Ukisimama katikati kueleza, mdundo wa sentensi zake unavunjika, na mdundo ndio nusu ya kinachosemwa.

Muhtasari sasa, wa mwisho kuandikwa na wa kwanza kusemwa. Kazi yake ni kuwapa wasikilizaji yale tu ambayo maudhui na uamuzi vitayahitaji. Mtego wa Kusadikika uko hapa: ni hadithi iliyobeba hadithi sita tumboni, na kila moja ina safari, taabu, maajabu na kurudi. Mhakiki anaanza na mjumbe wa kwanza, anamsimulia vizuri, watu wanacheka, naye anaingia kwa wa pili. Akifika wa nne saa imemwacha. Dalili utaiona kwenye nyuso: wakati wa mjumbe wa tatu watu huanza kutazama simu zao, kwa kuwa wameshajua atakavyoishia.

Muhtasari wa mifupa unaweza kuwa huu: "Kusadikika ni nchi iliyo angani. Karama anashtakiwa huko na Waziri Majivuno kwa kutaka kueneza elimu ya sheria. Akipewa nafasi ya kujitetea, sehemu kubwa ya utetezi wake ni habari za wajumbe sita ambao nchi hiyohiyo iliwatuma pande sita. Kila mmoja alipata taabu, akarudi na habari za kuwafaa watu wake, na malipo yake yakawa kifungo. Mfalme anasikiliza hadi mwisho, anamwachilia Karama, na wajumbe waliofungwa wanafunguliwa."

Hayo hayafiki hata dakika moja. Usomaji wa sauti usio na haraka hutumia maneno mia hivi kwa dakika, au pungufu kidogo, kwa hiyo dakika tano za muhtasari ni maneno mia tano kwa wingi. Zilizobaki mpe mjumbe mmoja, msimulie kwa ukamilifu: alivyoagwa, alivyosafiri, alichokiona, alivyopokewa. Mmoja tu. Chagua wa kwanza, kwa sababu msikilizaji ambaye hajasoma bado anatarajia apokewe kwa ngoma, na kifungo kinamshtua kama kilivyomshtua msomaji. Watano wengine wapewe sentensi moja kwa pamoja. Ukiogopa kwamba wanaonewa, kumbuka kwamba kadi zao zipo chini ya maudhui ya pili na huenda mmoja akarudi huko.

Kuna majaribio mawili ya muhtasari. La kwanza: pitia kila sentensi na uulize, ni maudhui gani au uamuzi gani utakaonihitaji niwe nimeisema hii? Isiyo na jibu ikatwe, hata kama ndiyo uliyoipenda. La pili: msomee mtu wa nyumbani ambaye hakijui kitabu, kisha mwulize maswali mawili tu, nani anamshtaki nani na kwa nini. Akichanganya Karama na mmoja wa wajumbe, umeingiza majina mengi. Kwenye kitabu hiki majina mawili yanatosha katika muhtasari, Karama na Majivuno. Mfalme aitwe mfalme.

Mgawanyo mzima basi ni dakika tano za muhtasari, nne kwa kila maudhui, na tatu za uamuzi. Jumla ishirini. Kikao cha saa moja kinabakiwa na dakika arobaini za mazungumzo, na hayo ndiyo watu waliyopandia matatu. Weka saa ya simu mezani mahali unapoiona bila kuinama. Kama kikao kiko kwenye ukumbi wa maktaba ya mtaa, tuseme Kaloleni, au kwenye mkahawa wenye mashine ya kahawa inayonguruma, ongeza dakika mbili za kurudia yaliyomezwa na kelele na uzipunguze kwenye muhtasari, si kwenye uamuzi. Wakati wa kukata mambo papo kwa papo, mkono hukimbilia mwisho. Afadhali maudhui ya kwanza yasemwe kwa dakika mbili kuliko uamuzi usemwe mtu akiwa amesimama akikusanya karatasi.

Jambo la kuogopwa zaidi na kitabu hiki mjini Nairobi ni siasa. Majivuno ni jina lililo wazi mno. Watu hawachukui dakika mbili kumpata waziri wa leo wa kumvika. Mtu akianza, "Mimi Majivuno wangu namjua, hata jana alikuwa kwenye runinga," chumba kinacheka, na kitabu kimekwisha. Kumzima si adabu na wala haisaidii, kwani fumbo limeandikwa ili lisomwe hivyo. Linalosaidia ni kumrudisha kwenye maandishi kwa swali: "Sawa, ndugu. Na huyo wako, mjumbe aliyemfunga alikuwa amemtuma yeye mwenyewe?" Swali hilo linamlazimisha apime mfano wake kwa kipimo cha kitabu. Ukitoshea, mjadala umepata nguvu. Usipotoshea, ataona mwenyewe. Mhakiki naye asitangulie kutaja jina la mwanasiasa yeyote, maana akifanya hivyo nusu ya chumba inaacha kusikia yaliyobaki.

Uamuzi wenyewe, dakika zake tatu, una sehemu ambayo wahakiki wapole huiruka: kusema kipimo kabla ya kutoa hukumu. "Nakipima kitabu hiki kwa hoja yake, si kwa lugha yake" ni sentensi fupi, lakini inamzuia mwenzako asikujibu kwa kusifia methali. Baada yake litaje jambo moja ambalo kitabu kimeliweza, na uoneshe mahali pake. Mpango wa pande sita unatosha. Kisha kasoro, nayo uioneshe mahali pake. Kasoro ya wazi ni ule mwisho. Ipo nyingine ndogo, kwamba majina ya wahusika yametoa siri mapema, kwa kuwa mtu anayeitwa Majivuno hawezi kutushangaza. Lakini kasoro mbili zikisemwa kwa uzito mmoja zinauana, hivyo ndogo itajwe kwa pumzi moja au iachwe. Maliza kwa kusema nani akisome na nani akiache. Msomaji anayetaka wahusika wanaobadilika mbele yake atachoka na Kusadikika. Anayependa kuona hoja ikijengwa kwa hadithi atafaidi.

Halafu litakuja swali ambalo haliwezi kukosa, kwa kawaida kutoka nyuma: "Lakini wewe, ulikipenda ama hukukipenda?" Lijibu kwa neno moja, kwa ukweli. Mtu anaweza kukipenda kitabu na bado akaona mwisho wake umekosea, na wasikilizaji wataamini lawama yako zaidi wakijua kwamba ulikipenda. Usianze kujieleza upya. Tupa swali lako la mjadala, lile uliloliandika kwenye kadi ya tisa, moja tu na lisilojibika kwa ndiyo au hapana: Karama angefanyaje kama mfalme angekataa? Kisha kaa chini, uiweke kadi mfukoni, na usimjibu mtu wa kwanza atakayezungumza. Mwache wa pili amjibu.